Kilo Mbili Ndani ya Siku Tatu: Karatasi ya Kumpa Mgonjwa wa Moyo Aendapo Nyumbani

Wauguzi wenzangu, karatasi nyingi tunazowapa wagonjwa wa moyo siku ya kuruhusiwa zinasema: pima uzito kila siku, punguza chumvi, usinywe maji mengi. Mgonjwa anaikunja, anaichomeka ndani ya kadi yake ya kliniki, na habari yake inaishia hapo. Kwa nilivyoona hapa Dar, karatasi inayotumika ni ile yenye namba mbili za mgonjwa mwenyewe, zimeandikwa kwa kalamu kubwa: uzito wake akiwa hana maji ya ziada mwilini, na uzito ambao akiufikia lazima apige simu.

Mweleze sababu, maana akielewa atapima. Moyo ukisukuma damu kwa udhaifu, figo hupokea damu kidogo na huanza kuzuia chumvi na maji visitoke mwilini. Lita moja ya maji ni kilo moja. Hakuna anayenenepa kilo mbili kwa siku tatu kwa sababu ya ugali. Hayo ni maji, na mizani inaweza kuyaonyesha kabla miguu haijavimba.

Apime asubuhi, akishakojoa, kabla ya chai, akiwa na nguo nyepesi zilezile. Mizani ikae juu ya sakafu ngumu, si juu ya zulia wala mkeka, na namba iandikwe kwenye daftari papo hapo. Ile mizani ya vijana wa stendi haifai kwa kazi hii. Leo umepima Mbagala umeshiba, kesho Kariakoo umevaa viatu. Tofauti ya kilo moja hapo haina maana yoyote.

Chukua mfano wa mama mmoja wa Mbagala. Tulimwandikia 62, na chini yake: "Nikifika 64 ndani ya siku tatu, napiga simu." Jumatatu daftari lilisoma 62.1, Jumanne 62.8, Jumatano 63.5, Alhamisi 64.3. Alipopiga simu alisema hajisikii mgonjwa, ila usiku ameongeza mto wa pili ili apate pumzi. Usimuulize tu kama anakula chumvi, kila mtu atajibu hapana. Muulize amekula nini. Alikuwa amekula makande yaliyochemshwa kwa magadi, na ng'onda siku mbili mfululizo. Magadi ni sodiamu vilevile, ingawa hayaitwi chumvi. Kisha nikamuuliza dawa za dukani: goti lilimuuma, akanunua diklofenaki. Dawa hiyo huzuia maji na chumvi na kuumiza figo, na pengine ndiyo iliyochangia zaidi. Daktari alimwona siku hiyohiyo, akaisimamisha, akampa parasetamoli, akaongeza kidonge cha kupunguza maji kwa siku chache na kuagiza vipimo vya figo na potasiamu. Mgonjwa asijiongezee kidonge hicho mwenyewe, isipokuwa daktari amemwandikia lini na kiasi gani.

Kwenye chumvi, usimwambie "punguza". Mwambie kijiko cha chai kimoja kilichosawazishwa kwa siku, yaani kama gramu 5, kikijumlisha iliyomo kwenye mkate, papa, chipsi na viungo vya pakiti. Kwa familia inayokula sufuria moja, mboga ya mgonjwa ipakuliwe kwanza, ndipo wengine watie chumvi. Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vinasaidia sana. Chumvi mbadala za potasiamu akae nazo mbali, hasa anayetumia spironolaktoni au enalaprili, kwani potasiamu ikipanda sana huvuruga mapigo ya moyo.

Maji ndipo tunapozidisha ukali. Si kila mgonjwa anahitaji kipimo, na joto la Januari hapa mjini si la kuchezea. Daktari akiweka kikomo cha lita moja na nusu, ajaze chupa ya lita moja na nusu asubuhi. Kila anywapo chai, uji, supu au dafu, amimine kiasi hichohicho kutoka kwenye chupa. Ikiisha, kipimo kimeisha. Akitapika au kuharisha, uzito ukashuka na kichwa kikawa chepesi anaposimama, hilo nalo ni la kupiga simu. Na akikosa pumzi akiwa amekaa, akizimia au akibanwa kifua, aende hospitali moja kwa moja, mizani aiache.

Namba ya kwanza, ile ya uzito bila maji ya ziada, ihakikishe upya kila kliniki. Mgonjwa wa muda mrefu hukonda nyama huku maji yakiongezeka, kilo zikabaki zilezile. Kwa hiyo, hata daftari likiwa zuri, mbonyeze vifundo vya miguu, tazama mshipa wa shingo, na muulize analalia mito mingapi.