Kijana Akikusalimu «Mambo», Mjibu Hivi Kabla ya Kumsaidia

Mutukula, kwenye mpaka wa Uganda na Tanzania, vijana wanaotoka upande wa Bukoba hufika dukani kwangu kununua laini ya simu au kuulizia gari la kwenda Masaka, na karibu wote huanza kwa «Mambo?» au «Vipi?». Sisi tuliozoea salamu ndefu za Kiganda huwa tunajibu «Nzuri», jibu ambalo ni la «Habari?». «Mambo» hujibiwa «Poa», «Safi» au «Freshi», na «Vipi» vivyo hivyo.

Baada ya jibu hilo, usinyamaze ukisubiri mgeni aendelee kusalimu, kwa kuwa kwake salamu imekwisha. Unganisha msaada hapohapo kwa sauti ya kawaida: «Poa, karibu. Nikusaidie nini?» Hutakiwi kuendelea na lugha ya mtaani, kijana amekusalimu kirafiki, nawe umemjibu kirafiki, basi yanayofuata yanaweza kuwa Kiswahili cha kawaida tu. Kinachoudhi ni kuruka jibu na kusema «Unataka nini?», maneno ambayo kwa Mtanzania husikika kama unamfukuza.

Chukua mfano wa kijana aliyeshuka jioni na begi mgongoni. Nilimsalimu «Mambo?», akajibu «Poa», kisha akaongeza, «ila nimekwama kidogo». Hiyo «poa» ya kwanza haikuwa taarifa ya hali yake, kwani hata mwenye shida huitoa kwanza. Habari yenyewe ilikuwa baada ya «ila». Nikamwuliza, «Vipi, umekwama wapi?» Hapo «vipi» si salamu tena bali ni swali la kumjali mtu, na ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kujitolea kusaidia bila kumwaibisha. Alikuwa na shilingi za Tanzania tupu, na dereva wa teksi alitaka za Uganda. Nilimwelekeza kwa wabadilisha fedha, nikamshauri aulize bei kwa watu wawili kabla ya kutoa pesa mfukoni.

Alijibu «Poa», safari hii kwa maana ya «sawa, nimekubali». Hapa ndipo wasaidizi wengi hudanganyika, kwa sababu mtu anayeona haya kuuliza mara ya pili naye husema «Poa, poa» haraka huku akigeuka kuondoka. Nikiisikia imerudiwa namna hiyo, huuliza jambo mahususi: «Utaanzia upande gani?» Akishindwa kutaja, namweleza upya, au namtuma mtoto wa dukani amsindikize.

Mimi nina mvi, kwa hiyo baadhi yao huniamkia «Shikamoo». Huyo simjibu «Poa» hata kwa utani. Namwambia «Marahaba, mwanangu, karibu», kisha ninauliza shida yake. Nami simwanzi mtu mzima kwa «Mambo», hata akiwa amevaa kofia ya kijana.