Tangi la chumvi: kabla ya kukokotoa, angalia kama maji yanaongezeka

Wanafunzi wa Goma wengi wanaanza zoezi hili kwa kukariri fomula, kisha wanakwama pale robine mbili zinapopitisha maji kwa kasi tofauti. Basi tuchukue hilo hilo.

Tangi la plastiki la lita 500 lina lita 200 za maji safi, yaani bido kumi. Juu yanaingia maji ya chumvi, lita 6 kwa dakika, kila lita ikiwa na gramu 20. Chini zinatoka lita 4 kwa dakika. Tunatafuta S, gramu za chumvi zilizomo baada ya dakika t.

Anza na maji, chumvi ingoje. Kila dakika lita 2 zinabaki, kwa hiyo ujazo ni 200 + 2t, na tangi litajaa dakika ya 150. Chumvi inaingia gramu 120 kwa dakika. Inayotoka ni lita 4 mara gramu zilizomo katika kila lita wakati huo, yaani S gawanya kwa ujazo wa sasa:

```
S' = 120 - 4S/(200 + 2t)
S' + 2S/(100 + t) = 120
```

Mstari wa pili ndio umbo la mstari la daraja la kwanza. Zidisha pande zote kwa (100 + t)². Kipeo ni 2, kwa sababu 4 imegawanywa kwa 2. Anayeweka 4 amesahau kurahisisha sehemu. Upande wa kushoto sasa ni derivati ya S(100 + t)². Fanya integrali, weka S = 0 pale t = 0:

```
S = 40(100 + t) - 40000000/(100 + t)²
```

Dakika ya 150 unapata gramu 9360, sawa na gramu 18,72 kwa lita. Lazima iwe chini ya 20, maana maji safi ya mwanzo hayajaisha yote. Ukipata zaidi ya 20, rudi nyuma.

Kosa linalojificha zaidi ni kuacha 200 chini ya sehemu bila 2t. Jibu linakuja zuri, S = 6000(1 - e^(-t/50)), lakini dakika ya 150 linatoa gramu 5701 tu, kama 11,4 kwa lita. Halizidi 20, kwa hiyo kipimo kile cha kwanza hakilikamati. Linagunduliwa kwa kuangalia derivati: mlinganyo huo unasema S haitapita gramu 6000, wakati tangi lililojaa maji ya gramu 20 kwa lita linabeba 10 000.

Baada ya dakika ya 150 fomula yetu inakufa. Maji yakifurika, lita 6 zinatoka kila dakika (4 kwa robine, 2 juu ya mdomo), ujazo unabaki 500:

```
S' = 120 - 6S/500,   S(150) = 9360
S = 10000 - 640·e^(-0,012(t - 150))
```

Yote haya yanadai maji yakorogwe muda wote. Maji ya chumvi ni mazito, hushuka chini. Bila kukoroga, robine ya chini itatoa chumvi nyingi kuliko hesabu inavyosema.