Barua ya mtaalamu wa lishe kwa shule: mzio wa karanga

"Mwanangu yuko darasa la pili hapa Tabora, ana mzio wa karanga. Barua ya mtaalamu wa lishe inasema tu 'asipewe karanga'. Inatosha kupeleka shuleni?"

Haitoshi, dada. Mpishi ataisoma, atamnyima karanga za kutafuna, halafu atampakulia kisamvu kilichoungwa kwa karanga. Rudi umwombe ataje vyakula vyenyewe: mboga za kuunga, kashata, na hasa uji wa lishe. Huo ndio unaowaponyoka wengi, maana karanga zimeshasagwa pamoja na mahindi, hazionekani. Hata unga wa mahindi matupu ukipita kwenye mashine iliyotoka kusaga unga wa lishe hubeba masalia. Iandikwe pia kwamba kuchemsha hakuondoi mzio. Jikoni moto huaminiwa mno.

Mpangilio: chakula chake kipikwe kwanza, kwa sufuria na mwiko vyake, kipakuliwe na kufunikwa kabla karanga hazijafika mezani. Kuchambua karanga kutoka kwenye mboga ya wote si salama, mchuzi umeshazibeba. Maharage au yai vitaziba pengo la protini, kama havimdhuru.

Sehemu ya dharura aijaze daktari. Akivimba midomo, akitapika au akipumua kwa shida baada ya kula, asitembezwe; alazwe, au aketi kama pumzi inabana, na apelekwe hospitali papo hapo. Kama ameandikiwa sindano ya adrenalini, barua iseme inakaa wapi na nani ataichoma. Vidonge vya mzio haviwezi kuchukua nafasi yake.