Machungwa yanayobaki

"Nikipanga machungwa matatu matatu, yanabaki mawili. Nikipanga matano matano, linabaki moja. Yako mangapi?"

Anza na tano, ndiyo inayoruka mbali. Kama linabaki moja, idadi ni 1, 6, 11, 16 na kuendelea. Sasa pima kila moja kwa tatu: 1 inabakiza 1, 6 haibakizi kitu, 11 inabakiza 2. Hiyo 11 imekubali pande zote.

Ndugu anayejibu "ni 11, basi" amepata nusu. Ukiongeza machungwa 15, unapata mafungu mapya kamili, matano ya matatu matatu au matatu ya matano matano, na yale yanayobaki hayaguswi. Kwa hiyo 26, 41 na 56 pia ni sawa. Ila usiongeze 8 eti kwa sababu 3 na 5 ni 8: 19 kwa tano inabakiza 4. Kuchagua kati ya 11, 26, 41 na 56 ni kazi ya macho. Mama yangu pale Kibuye, Kisumu, akiona kikapu kimepita hamsini lakini hakijafika sabini, anasema 56.

Na wewe uliyeuliza juu ya nyanya za Nakuru, eti ukizipanga nne nne inabaki moja, sita sita zinabaki mbili? Haiwezekani. Ya kwanza inataka idadi isiyogawika kwa mbili, ya pili inayogawika. Nne na sita zote zinagawika kwa mbili, ndipo zinagongana. Tatu na tano hazina shida hiyo. Ama ulikosea kuhesabu, ama kuna mtu alikula moja katikati.