Barua ya kuomba radhi kwa kuchelewa skuli: alivyoiandika mpwa wangu, na kamati ilivyoisoma

Nilikaa miaka 6 nikiwa katibu wa kamati ya nidhamu katika skuli moja ya sekondari hapa Pemba, na katika miaka hiyo barua za wanafunzi waliochelewa zilipita mikononi mwangu nyingi sana. Karibu zote zilikuwa barua moja. Zilianza na "kwa heshima na taadhima", zikapita kwenye "sababu zilizo nje ya uwezo wangu", zikaishia na "naahidi sitorudia tena". Nikishazisoma nilikuwa siwezi kusema ni ya mtoto gani mpaka nitazame jina chini. Sasa kama katibu hawezi kukutambua kwenye barua yako, hao wajumbe wengine watakutetea kwa lipi?

Halafu ikaja zamu ya nyumbani kwetu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tatu katika skuli nyengine, si niliyokuwa mimi. Alikuja kwangu Ijumaa moja jioni, akanipa shikamoo huku anatazama chini, akanitolea karatasi mbili. Moja ilikuwa wito wa kamati. Ya pili ni barua aliyokwisha kuiandika mwenyewe, akitaka mimi nimtazamie lugha tu.

Lugha ilikuwa nzuri. Ila palikuwa na sentensi hii: "Usafiri wa kijijini kwetu ni mgumu, hivyo nimekuwa nikichelewa mara chache bila kukusudia."

Nikamuuliza, "Mara chache ndiyo mara ngapi?"

"Kama nne, tano hivi, mjomba."

"Nenda Jumatatu kwa mwalimu wako wa darasa, umwombe kwa adabu akuoneshe daftari la wachelewaji. Nakili tarehe zako zote, kisha uje."

Hili nalisema kwa kila mwanafunzi na kila mzee atakayesoma hapa: kalamu isiguse karatasi kabla ya kuliona daftari. Kamati inapokaa, kitu cha kwanza kusomwa si barua yako. Mwalimu wa nidhamu hufungua daftari la zamu na kusoma tarehe moja moja, na saa uliyoingia getini. Barua yako husomwa baada ya hapo, kwa sauti, mbele ya watu ambao wameshasikia hesabu. Ukiandika "mara chache" na wao wamesikia 11, yote yanayofuata yatasikika kama uongo, hata yaliyo kweli. Nimeshuhudia mtoto mwenye mama mgonjwa kwelikweli akikosa kuaminiwa kwa sababu ya neno hilo moja.

Mpwa wangu alirudi na tarehe 11, baina ya tarehe 4 Septemba na tarehe 6 Oktoba. Tukaziweka juu ya mkeka, tukazipangia siku zake za wiki. Nane kati ya hizo zilikuwa Jumatatu na Jumanne.

Hapo gari likatoka kwenye kesi. Kijijini kwao gari la kwanza hupita saa 12 na nusu asubuhi, la pili kiasi cha saa 1 na robo, na kengele ya skuli hulia saa 1 na nusu. Anayepanda la kwanza hufika na nafasi, anayepanda la pili huingia karibu saa 2. Magari ni hayo hayo Jumatatu na Alhamisi. Mbona Alhamisi anafika?

Alinyamaza, akaanza kuuvutavuta ukindu wa mkeka kwa kidole. Kisha akasema, "Karafuu, mjomba."

Msimu ulikuwa umeanza. Dada yangu alikodi mikarafuu michache, na uchumaji mkubwa ulikuwa Jumamosi na Jumapili, watoto wanapokuwa nyumbani. Mwenye kuijua karafuu anajua kwamba haingoji. Ikishachumwa inatakiwa ichambuliwe, itengwe na makonyo yake, ianikwe asubuhi. Ikilala guniani inapata joto, inaharibika rangi, bei inashuka. Kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa ikikaa ukumbini kuchambua mpaka saa 6 za usiku, na kijana akiwa miongoni mwao. Vidole vyake vilikuwa bado na ule weusi wa utomvu wake.

"Na kwa nini hukuandika hivi?"

"Nitamtia mama matatani."

Hofu hii wanayo watoto wengi wa kwetu, na ni hofu ya heshima. Hawataki mzazi aitwe mbele ya walimu kwa jambo ambalo ndilo linalowalisha. Lakini barua inaweza kusema kweli bila ya kumshitaki mzazi, ukitenganisha hali ya nyumbani na kosa lako mwenyewe ndani ya hali hiyo. Nikamuuliza: mnamaliza saa 6, adhana ya Alfajiri inakuamsha? Akasema ndiyo, kila siku. Baada ya kusali? Akatulia kidogo. "Narudi kulala."

Basi kosa lake ndilo hilo. Karafuu ilikuwa kazi ya nyumba nzima, lakini kurudi kitandani baada ya sala, na gari la saa 12 na nusu likapita, ni uamuzi wake yeye.

Hata hivyo sikumruhusu aandike siku ile. Nilimwambia aibadilishe hali kwanza, barua baadaye. Ahadi ya mwanafunzi mbele ya kamati haina uzito mkubwa, maana kila mtu anaahidi. Daftari tupu lina uzito. Kikao kilikuwa baada ya wiki mbili, na hizo zikatosha. Nilizungumza na dada yangu, tukakubaliana kijana aondoke kwenye uchambuaji saa 3 za usiku siku zinazofuatiwa na skuli, na zamu yake aimalize Jumamosi. Naye akakubali kwamba akishasali anavaa sare hapo hapo.

Hii ndiyo barua aliyoipeleka, kwa mkono wake, ukurasa mmoja, wino wa buluu. Jina, kijiji na skuli nimeviondoa.

Tarehe 19 Oktoba 2023

Mwalimu Mkuu,
Kupitia kwa Mwalimu wa Darasa, Kidato cha 3B

KUH: KUOMBA RADHI KWA KUCHELEWA SKULI MARA 11

Assalaam alaykum. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha 3B. Baina ya tarehe 4 Septemba na tarehe 6 Oktoba nimechelewa skuli mara 11, kama daftari la zamu linavyoonesha. Mara 8 zilikuwa Jumatatu na Jumanne. Nimekosea, na ninakuomba radhi wewe na walimu wote.

Nyumbani kwetu tuko katika msimu wa karafuu, na mwisho wa wiki nilikuwa nikichambua hadi saa 6 za usiku. Hata hivyo nilikuwa nikiamka kwa sala ya Alfajiri, kisha nikirudi kulala na kulikosa gari la saa 12 na nusu. Hilo ni kosa langu mwenyewe.

Kipindi cha kwanza Jumatatu na Jumanne ni Hisabati. Kila nilipoingia nilimkatisha mwalimu, na mara mbili alilazimika kunirudia mfano alioumaliza. Ninamuomba radhi yeye na wanafunzi wenzangu.

Tangu tarehe 9 Oktoba mama amenipa ruhusa ya kuacha kuchambua saa 3 za usiku, na mimi nimeacha kurudi kulala. Hadi jana ni siku 8 za masomo na sijachelewa. Ikitokea nimechelewa tena, nitakwenda kwa Mwalimu wa Darasa kueleza kabla ya kuingia darasani.

Ninaiomba kamati iniangalie kwa muda itakaouona unafaa kabla ya kuamua adhabu nyengine. Nipo tayari kupokea uamuzi wowote.

Wako mtiifu,

Tazameni alivyoandika "nimekosea" bila ya "kama". "Kama nimewakosea naomba mnisamehe" ni maneno mazuri ya kuagana kabla ya safari; mbele ya kamati yanasikika kama hujakubali. Na ameomba radhi, hakusema samahani. Samahani kwetu ni ya kumkanyaga mtu mguu msikitini, radhi unaipeleka kwa mtu mwenye haki juu yako.

Aya ya Hisabati ilimchukua muda kuliko zote. Alikuwa ameandika "nimeisumbua skuli". Skuli ni ukuta na mapaa, haisumbuki. Nikamwambia anitajie mtu, ndipo akamkumbuka mwalimu akifuta ubao na kuandika upya mfano kwa ajili yake. Baadaye nilisikia kwamba mwalimu huyo alikuwa mjumbe wa kamati, na ndiye aliyezungumza mwanzo.

Na hakuandika "sitochelewa tena". Anayetegemea gari mbili za shamba hawezi kuapa hivyo. Alichoweza kuahidi ni atakachokifanya akichelewa, nacho kiko mikononi mwake.

Kuna sababu ambazo sizitaki kwenye barua kabisa. Kama mtoto anachelewa kwa sababu anapigwa nyumbani, au kuna jambo la aibu linalomhusu mtu mwengine, barua itasomwa mbele ya watu watano au sita na itabaki kwenye faili lake. Mambo hayo amweleze mwalimu wa ushauri nasaha kwa mdomo, faragha, kabla ya kikao. Kwenye barua inatosha kuandika kwamba sababu ameshamweleza mwalimu huyo. Nami nikiwa katibu, sentensi hiyo ikitokea nilikuwa nikimfuata mwalimu mwenyewe kabla ya wajumbe kukaa.

Mzee naye asiandike barua ya mtoto. Mkono wa mtu mzima unajulikana, na maneno yake pia. Akitaka kuthibitisha hali ya nyumbani aandike yake fupi, mbali, ipelekwe pamoja.

Kamati ilimpa onyo la maandishi na wiki 6 za kuangaliwa. Katika wiki ya nne gari la saa 12 na nusu lilipasuka mpira njiani, akafika saa 2 kasoro robo. Mwalimu wa darasa ananiambia alimkuta amesimama mlangoni pa ofisi ya walimu, begi mgongoni, akisubiri kueleza.