Mkataba unaisha, niulize au ninyamaze?

"Mkataba wangu unaisha mwisho wa Septemba. Nikimuuliza bosi kama nitaongezewa au nitaajiriwa wa kudumu, ataona nataka kuondoka? Na naweza kuomba kazi kwingine?"

Uliza sasa, na maombi tuma wiki hii hii. Tarehe ya mwisho imeandikwa, hakuna atakayeshangaa.

Nimefanya kazi idara ya utumishi: mara nyingi meneja anakutaka kweli, ila hana idhini ya fedha. Kwa hiyo usiishie "mtaniongezea?" Muulize kama nafasi yako imo kwenye bajeti ijayo, nani anaidhinisha, na uamuzi utatoka lini. Kisha mwandikie baruapepe fupi ya mliyokubaliana. Akisema tu "usijali, tutaongea", bila jina wala tarehe, hesabu kwamba huna ahadi yoyote.

Ukipata kazi nyingine inayoanza Agosti, soma kwanza kipengele cha kuvunja mkataba kabla ya muda. Mikataba mingine haina kabisa, na ukiondoka mapema unaweza kudaiwa fidia. Omba waajiri wapya wakuanzishe Oktoba, wengine husubiri.

Wapo wanaosema kwamba ukipitiliza tarehe ya mwisho ukiwa bado kazini unakuwa wa kudumu moja kwa moja; wako sahihi nusu. Kuna nchi sheria inasema hivyo, kwingine siku za ziada hazikupi kitu. Ikifika Oktoba bado uko kazini bila karatasi, ulizia kwa maandishi siku hiyohiyo.