Kusafisha kipeperushi kabla ya kukitafsiri

"Kipeperushi chetu cha majiko ya mkaa, hapa Temeke, kinaenda kutafsiriwa Kiingereza. Nifute methali zote?"

Usifute tu, ndugu yangu, andika maana yake. "Usipoziba ufa utajenga ukuta" umeiweka palepale unapoeleza ufa wa jiko, kwa hiyo mfasiri hatajua kama kuna ukuta wa kujengwa kweli. Andika: "Ukiona ufa, uzibe kwa udongo kabla ya kuwasha tena."

Dada aliyekujibu kabla yangu anasema usijali, mfasiri atatafuta methali ya Kiingereza inayofanana. Yuko sahihi nusu. Ipo, ila inahusu kuwahi kushona nguo, na agizo lako la udongo litapotea.

"Pata jiko, upate heshima" ndiyo ngumu. Sisi tunasikia jiko na mke kwa pamoja. Kiingereza kitabakiza jiko tupu. Hiyo iondoe, weka faida yenyewe: mkaa kidogo, moshi kidogo.

Kisha mpe jirani asiyehusika asome na akueleze kila sentensi. Akisita au akitoa maana mbili, hapo pana kazi. Nakala ya Kiswahili iache na utani wake.